Choo cheusi kama lami hakisubiri kesho

Fundi uashi mmoja, mwanamume wa miaka 54, amenipa ruhusa nisimulie yaliyompata, mradi jina lake nisilitaje. Mimi ni tabibu na nilikuwa zamu alfajiri alipoletwa. Naandika kwa sababu karibu kila alichokifanya, mtu yeyote mwenye akili timamu angeweza kukifanya, mimi nikiwemo.

Alikuwa na goti lililomsumbua. Kupanda na kushuka ngazi za jengo siku nzima si mchezo, naye kibarua hakukitaka kimpotee. Akaanza kununua diklofenaki duka la dawa, vidonge vya miligramu 50, asubuhi kimoja na jioni kimoja. Siku za kumwaga zege aliongeza cha mchana, na usiku goti likigoma, alimeza na aspirini juu yake. Mara nyingi alivimeza na chai kavu. Hivyo ndivyo alivyoenda kwa miezi miwili, bila mtu wa kumwuliza tumbo linasemaje.

Tumbo lilikuwa likisema. Kiungulia kilimwamsha usiku wa manane, chini kidogo ya chembe ya moyo, na akila kitu kinatulia. Alinunua vidonge vya kutafuna vya kutuliza asidi, akaendelea na diklofenaki. Hiyo ilikuwa dalili ya kwanza, ikapita.

Dawa za kundi hili, yaani diklofenaki, ibuprofeni, aspirini na ndugu zao, hutuliza maumivu kwa kuzuia kemikali fulani mwilini. Bahati mbaya, kemikali hizohizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo usichomwe na asidi. Kinga ikipungua, kidonda huchimbika, na kikifika kwenye mshipa wa damu, mtu anavuja kwa ndani. Kinachotisha zaidi ni kwamba dawa ya maumivu inaweza kuyaficha maumivu ya kidonda chenyewe. Wapo ambao dalili yao ya kwanza kabisa ni damu.

Jumatatu, fundi aliona choo chake ni cheusi. Hakikuwa cha kahawia iliyokolea. Kilikuwa cheusi cha kung'aa, kinanata kama lami, na harufu yake, kwa maneno yake, "si ya choo cha kawaida, inakaba." Alidhani ni maharage na mboga za majani alizokula Jumapili. Damu inayovuja tumboni hukutana na asidi na vimeng'enya, ikasafiri utumbo wote, na ikifika nje imeshageuka nyeusi. Ndiyo maana watu wengi hawaijui kuwa ni damu: wanatazamia nyekundu.

Jumanne alisimama asubuhi akaona kizunguzungu, akashika ukuta. Kazini alishindwa kupanda ngazi mara mbili mfululizo bila kutweta. Mkewe akamwambia, "Baba watoto, mbona umepauka hivyo? Hiyo malaria." Wakanunua dawa ya malaria bila kupima, na juu yake vidonge vya kuongeza damu.

Hapo mambo yakazidi kuchanganyika. Vidonge vya kuongeza damu vina madini ya chuma, navyo hufanya choo kiwe cheusi. Kwa hiyo Jumatano alipokiona tena, alikuwa na sababu ya kujituliza: ni vile vidonge. Lakini choo cha vidonge vya chuma kwa kawaida ni kigumu au cha umbo la kawaida, chenye weusi wa kijani, wala hakinati wala hakina ile harufu nzito. Tena cha kwake kilianza kabla hajavimeza. Nakuomba sana msomaji ukumbuke mambo haya: kunata, harufu, na kipi kilitangulia. Ukibaki na shaka, nenda ukapimwe, usijihukumie nyumbani.

Alhamisi usiku alitapika. Mara ya kwanza yalitoka mabaki meusi kama machicha ya kahawa, ambayo nayo ni damu iliyokaa tumboni ikachanganyika na asidi. Mkewe alitaka waondoke saa ileile. Yeye akasema, "Tusisumbue watu usiku, kutapambazuka." Akanywa maziwa kutuliza tumbo. Saa tisa usiku akatapika tena, safari hii damu nyekundu yenye mabonge. Jirani akamchukua kwa bodaboda, amekaa katikati, mkewe akimshika kwa nyuma. Njiani alizimia.

Tulimpokea akiwa na jasho la baridi, viganja vyeupe, mapigo ya moyo 128 kwa dakika na presha 80 kwa 50. Wingi wa damu ulikuwa 4.6, wakati mwanamume mzima anatakiwa kuwa na zaidi ya 13. Mwili hupambana kimyakimya: huharakisha moyo na kubana mishipa, kwa hiyo mtu anaweza kupoteza damu nyingi huku bado anatembea na kuongea. Nguvu hizo zikiisha, huanguka ghafla. Kutembea kwake Jumatano hakukuwa ushahidi kwamba yu salama.

Tulimwekea dripu mbili za sindano kubwa, tukampa dawa ya kupunguza asidi kwa mshipa, na ndugu wakaitwa kuchangia damu. Aliongezewa chupa nne. Hali ilipotulia alipelekwa hospitali ya rufaa, wakapitisha kamera kwa mpira mwembamba kupitia mdomoni, wakakuta kidonda mwanzoni mwa utumbo mdogo, wakakifunga. Vipimo vilionyesha pia bakteria wa vidonda vya tumbo, akatibiwa kwa siku 14. Bakteria hao na dawa za maumivu ndio visababishi viwili vikubwa vya vidonda hivi, na vikikutana hatari huongezeka.

Si kila damu hutoka kwenye kidonda. Wanaoishi kando ya Ziwa Viktoria wanakijua kichocho cha tumbo. Kikikaa miaka, huumiza ini na kuvimbisha mishipa ya koo la chakula. Homa ya ini ya B na pombe ya muda mrefu hufikisha palepale. Mishipa hiyo ikipasuka mtu hutapika damu nyingi kwa ghafla, pengine bila kuumwa tumbo hata siku moja. Nyumbani huwezi kutofautisha kidonda na mshipa, wala huhitaji. Hatua ni moja.

Ukiona matapishi ya damu au ya machicha ya kahawa, au choo cheusi cha kunata, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku na hata kama huumwi. Usimpe mgonjwa chakula, maziwa wala dawa ya kutuliza tumbo. Akifika huenda akahitaji kipimo cha kamera, na tumbo lililojaa huongeza hatari ya kupaliwa. Akitapika, mlaze kwa ubavu. Tafuta gari alale. Akiketishwa, damu kidogo aliyobaki nayo haifiki vizuri kichwani. Beba pakiti za dawa zote anazotumia, za dukani na za miti shamba, na ondokeni na ndugu wawili watatu wanaoweza kuchangia damu.

Na wewe unayemeza dawa za maumivu kila siku kwa goti au mgongo, wiki hii mwone mhudumu wa afya, umwambie unakunywa ngapi na tangu lini. Kama umepita miaka 60, umewahi kuwa na vidonda, au unatumia aspirini ya moyo, mwambie hilo kwanza.