Barua ya Kaka kwa Mwenye Nyumba

Tafakari ya juma. Masomo: Luka 10:30–35, Filemoni 17–22

Jumatatu jioni kaka mmoja wa jumuiya yetu alinijia na karatasi iliyochanwa kwenye daftari. Dada yake aligongwa na bodaboda tarehe 14 Juni, akavunjika mfupa wa paja, na madaktari wamesema atakaa wodini wiki kadhaa kabla ya kushika magongo. Huyu dada amepanga chumba na sebule Tabata kwa shilingi 120,000 kwa mwezi. Alilipa miezi sita kwa mkupuo, na mwezi wa sita wenyewe ndio huu unaokatika. Simu yake ilipondeka barabarani. Mkoba wenye funguo haukuonekana tena. Mwenye nyumba, mzee anayeishi Kibaha, amekuwa akipiga simu na kuambiwa haipatikani.

Barua aliyoileta ilikuwa fupi: dada anaumwa, kodi yote italipwa mapema, na yeye anaomba avunje kufuli atoe vitu.

Nilimuuliza ana shilingi ngapi mkononi. Alikuwa na 250,000. Miezi sita ni 720,000.

Msamaria tunayemsoma wiki hii alikuwa na shida kama hiyo. Alikuwa na majeruhi asiyeweza kujilipia, mwenye nyumba ya wageni ambaye hatuambiwi kama aliwajua, na safari ya kuendelea nayo. Alitoa dinari mbili. Tunajua kutokana na mfano wa wakulima wa shamba la mizabibu kwamba dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, kwa hiyo alilipa ujira wa siku mbili, basi. Kilichozidi hapo alikiweka juu yake mwenyewe, na akasema kitalipwa lini: atakaporudi. Mwenye nyumba alibaki na fedha mkononi na mtu wa kumdai. Neno “mapema” halimpi mzee wa Kibaha chochote kati ya hivyo viwili.

Kwa hiyo tuliandika upya. Shilingi 240,000 ni kodi ya Julai na Agosti. Mkataba unasema miezi sita, na mwenye nyumba ana haki ya kukataa. Ndiyo maana kulipa miezi miwili tu kuliandikwa kama ombi. Akikataa, ni heri familia ijue leo kuliko dada apate habari Septemba akiwa kwenye magongo. Tukaongeza jambo ambalo watu husahau: risiti iandikwe jina la dada, pamoja na miezi inayolipiwa. Kaka ni mlipaji tu. Risiti ikitoka kwa jina lake, kesho mtu anaweza kusema mpangaji amebadilika.

Kuhusu kutuma fedha nilimsihi awe mwangalifu. Nani kati yetu hajapata ujumbe wa tapeli anayejiita mwenye nyumba wako na kutaka kodi itumwe kwenye namba nyingine? Sasa mzee naye atapigiwa na namba asiyoijua, na mtu anayesema mpangaji wako amelazwa, fungua mlango. Lazima ashtuke. Kwa hiyo kaka atatuma kwenye namba iliyo kwenye mkataba tu, na atasoma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo. Upande wa mzee, chini ya barua tuliandika wodi na saa za kuona wagonjwa, ili aje au amtume mtu, au azungumze na dada kwa simu ya kaka. Hatukuandika habari za upasuaji wala kuambatanisha picha za faili. Mwenye nyumba anahitaji kujua kwamba mpangaji wake amelazwa na kwa muda gani. Mwili wake si habari ya mkataba.

Jambo la mlango ndilo lililonikosesha usingizi. Miaka ya nyuma nilimzika mume wa mama mmoja, na baadaye mama huyo akaugua sana. Ndugu zake, kwa nia ya kuokoa kodi, walifungua chumba chake, wakagawana vyombo na kurudisha funguo. Walidhani hatapona. Alipona. Alitoka hospitali akiwa na mfuko mmoja wa nguo, akakuta mtu mwingine ameshahamia. Nilikaa naye siku ile, na sikuwa na neno la kumwambia.

Basi maneno “atoe vitu” tuliyafuta. Nilimtuma kaka arudi wodini amuulize dada yake anataka nini hasa kutoka chumbani. Dada alitaja vitu vinne: kadi ya bima, vidonge vyake vya presha, khanga mbili, na samaki waliomo kwenye friji watolewe kabla umeme wa LUKU haujaisha. Hivyo ndivyo vilivyoandikwa. Barua ikawa hivi:

“Shikamoo Baba. Mimi ni kaka wa mpangaji wako wa chumba na sebule, mlango wa pili. Dada yangu alipata ajali tarehe 14 Juni na amelazwa. Anatarajiwa kukaa wiki kadhaa, kisha arudi kwake. Simu yake iliharibika, ndiyo maana haipatikani. Kodi yake inaisha tarehe 30 Juni. Naomba upokee 240,000 kwa Julai na Agosti, nitakazotuma kwenye namba iliyo kwenye mkataba, na uandike risiti kwa jina lake, pamoja na miezi hiyo. Tarehe 20 Agosti nitakupigia kukueleza kuhusu Septemba. Hadi hapo mtu wa kuulizwa ni mimi. Funguo zake zimepotea. Kwa ruhusa yake na yako, naomba Jumamosi saa nne asubuhi fundi akate kufuli mbele ya mjumbe na mtu utakayemtuma. Nitachukua vitu vinne vilivyoorodheshwa chini, tutasaini sote, na nitafunga kwa kufuli jipya. Vingine vyote vibaki vilivyo.”

Kaka alikuwa ameanza na “Ndugu mwenye nyumba”. Nilimuuliza dada yake humwitaje mzee huyo. “Humwita Baba, na humpa shikamoo.” Basi barua inayosema kwa niaba yake imsalimu hivyo hivyo. Zile 10,000 zilizobaki zilikuwa za kufuli. Funguo mbili zitakazokuja nalo zitapelekwa wodini, na dada ndiye atakayesema nani ashike mmoja.

Paulo alipoandika kwa ajili ya Onesimo, aliomba deni lolote liandikwe juu yake. Yeye aliyezoea kumtamkia mwandishi, kama Tertio aliyeandika waraka kwa Warumi, hapo kwenye deni anasema ameandika kwa mkono wake mwenyewe. Na mistari michache mbele, akiwa bado mfungwa, anamwomba Filemoni amtayarishie mahali pa kulala. Hajui mlango wa gereza utafunguliwa lini, lakini chumba kitengwe. Nilikuwa nimeusoma mstari huo mara nyingi kama salamu za mwisho tu. Safari hii niliusoma nikiwa na maneno “kisha arudi kwake” mbele yangu.

Jumanne kaka alimsomea dada yake barua nzima kabla ya kuituma. Alisikiliza hadi mwisho, akasema kuna kitu kimesahaulika: zamu ya bili ya maji ya wapangaji, elfu tano yake ya mwezi huu, wenzake wasije wakamlipia. Akaomba kalamu, akaiandika mwenyewe chini ya orodha akiwa amelala chali, herufi zikipanda juu, kisha akasaini jina lake.