Niambieni Ndoto Kwanza: Mtihani wa Mdomo Juu ya Danieli 2

Soma: Danieli 2:1-49; Danieli 8:20, 21; Matendo 8:30-35.

Nebukadreza alipowaita wenye hekima wa Babeli, walikuwa tayari kabisa kumpa tafsiri. Walichoomba ni kusimuliwa ndoto tu. Mfalme akakataa. Sababu yake imo katika aya ya 9: aliwashuku kwamba wamekwisha kupatana kusema maneno ya uongo mbele yake, naye alitaka wamwambie ndoto yenyewe ndipo ajue kwamba tafsiri yao ni ya kweli. Adhabu aliyoitangaza ilikuwa ya kikatili, lakini swali lake lilikuwa swali zuri la mtihani. Lilimzuia mtu kujificha nyuma ya maneno yaliyoandaliwa.

Mwalimu wa Shule ya Sabato mwenye darasa dogo hukutana na shida hiyohiyo, na mara nyingi hukutana nayo katika sura hii hii. Karibu kila mwanafunzi wa Kiadventista anaweza kutaja sanamu kwa mpangilio: kichwa cha dhahabu, Babeli; kifua na mikono ya fedha, Umedi na Uajemi; tumbo na viuno vya shaba, Uyunani; miguu ya chuma, Rumi; nyayo za chuma na udongo. Mtu akiyataja yote bila kukosea, darasa huitikia “Amina,” na mwalimu huendelea na juma linalofuata. Lakini mwulize ni ufalme gani kati ya hizo uliotajwa na sura ya 2 yenyewe. Wengi watasema zote. Sura inautambulisha mmoja tu, pale Danieli anapomwambia mfalme kwamba kichwa kile cha dhahabu ni yeye (aya ya 38). Umedi na Uajemi, pamoja na Uyunani, hutajwa kwa majina katika 8:20, 21. Jina la Rumi halimo katika sura hizo zote mbili; mwanafunzi hulifikia kwa kufuata mpangilio wa falme katika historia. Asiyejua tofauti hiyo atakwama siku jirani yake atakapomwomba amwonyeshe aya.

Kwa darasa la watu sita, mtihani wa mdomo unatosha kulifunua jambo hili bila karatasi nyingi. Kila mtu hupewa maswali matatu na dakika nane, hivyo wote sita humaliza katika dakika 48. Usiwekwe saa ya mvua, kwa maana chini ya paa la bati mtahini hatasikia neno, naye atatoa alama kwa kukisia.

Hazina ya maswali huandaliwa katika mafungu matatu, maswali sita kwa kila fungu, kila swali kwenye kadi yake. Fungu la kwanza ni la kukumbuka: Danieli aliomba nini kwa mfalme kabla ya kujua ndoto? (Apewe muda, aya ya 16.) Aliwapasha nani habari? (Hanania, Mishaeli na Azaria, aya ya 17.) Fungu la pili ni la kuonyesha, Biblia ikiwa mkononi: onyesha mahali Danieli anapokana kwamba siri ilifunuliwa kwa hekima yake (aya ya 30); onyesha alichofanya baada ya kufunuliwa siri, kabla ya kwenda kwa Arioko (aya ya 19-23). Fungu la tatu ni la kueleza: kwa nini wenye hekima walisema hakuna mwanadamu awezaye kulijibu neno la mfalme, na maneno yao yanaandaaje jibu la Danieli katika aya ya 27 na 28? Kadi huwekwa kifudifudi, na mwanafunzi huchukua moja kutoka kila fungu. Kadi iliyotumika hairudi. Kwa njia hiyo aliyetoka hana cha kumnong’oneza anayesubiri kwenye benchi nje.

Kabla ya siku yenyewe, walimu wawili hujibu kadi zote 18 wao kwa wao. Swali ambalo wao wenyewe wanalijibu tofauti huandikwa upya, au majibu yote mawili hukubaliwa. Swali kama “Danieli alikuwa mtu wa namna gani?” huondolewa, kwa sababu hakuna jibu linaloweza kukosewa.

Alama ni kumi: tatu za kukumbuka, tatu za kuonyesha, nne za kueleza. Ugumu uko kwenye zile nne. Anapata nne anayetoa sababu kutoka ndani ya sura na kutaja tukio au aya inayoithibitisha. Anapata tatu aliyetoa sababu sahihi bila kuithibitisha. Mbili ni za aliyefika baada ya kusaidiwa mara moja. Moja ni ya aliyesema jambo la kweli lisilojibu swali, kama vile “Mungu ni mkuu.” Msaada wenyewe hauna jibu ndani yake, mtahini husema tu “endelea,” au “soma tena aya ya 11.” Kabla ya kusaidia anyamaze kwa sekunde kumi. Walimu wengi hawawezi kunyamaza hivyo, na hapo ndipo mtihani unapoharibika: mwalimu hujibu mwenyewe, kisha humpa mwanafunzi alama.

Chukua mfano wa watu wawili katika darasa moja la Mbeya. Kijana amepata kadi ya wenye hekima. Anajibu haraka, kwa Kiswahili safi, kuhusu falme nne na jiwe, kisha anamalizia na marejeo ya Kristo. Yote aliyosema ni kweli, ila swali halikuuliza hayo. Akielekezwa aya ya 11, anaisoma na kurudia yaleyale. Anapata moja. Anayemfuata ni mama mtu mzima, msemaji wa Kinyakyusa, amepata kadi isemayo: kwa nini Danieli aliomba wenye hekima wasiuawe? Anatafuta maneno, anachanganya lugha, halafu anasema: wao walishindwa kwa kuwa ni watu, na Danieli naye ni mtu, hakujua kwa akili yake, alipewa, basi angewaachaje wafe? Anafungua aya ya 24, kisha ya 30. Hizo ni nne kamili.

Mtahini aliye peke yake angeweza kuwapa alama kinyume. Ndiyo maana huketi wawili, mmoja anauliza na mwingine anaandika maneno yaliyosemwa, na kila mmoja hutoa alama kabla hawajazungumza. Wakitofautiana kwa zaidi ya alama moja katika swali, wanasoma yaliyoandikwa. Angalau mmoja wao aielewe lugha ya nyumbani ya mwanafunzi: Kisafwa au Kinyakyusa upande wa Mbeya, Kihehe upande wa Iringa. Ufasaha wa Kiswahili hauna alama katika mwongozo huu.

Matokeo nayo husomwa. Wa mwisho kuitwa wakiwazidi sana wa kwanza, huenda maswali yamevuja. Kadi za kueleza zikiwashinda karibu wote huku za kukumbuka zikijibiwa vizuri, darasa lilikaririshwa. Watu sita ni wachache mno kuwapanga wa kwanza hadi wa mwisho, hivyo alama hazisomwi mbele ya kanisa. Wala hazichukui nafasi ya maswali wanayoulizwa watahiniwa wa ubatizo mbele ya washiriki, ambayo ni maungamo ya imani.

Filipo alipomwuliza towashi kama anaelewa alichokuwa akisoma, jibu lilikuwa hapana. Hakurudi nyuma kwenye somo aliloliandaa. Alianzia kwenye andiko lile lile ambalo mtu yule alikwama. Sabato inayofuata, darasa la kijana yule lifungue Danieli 2:10, 11, na yeye ndiye aombwe kuzisoma.