Wimbo Usio na Mwenyewe: Salome Uwanjani Unyambwa

Mpenzi wa ushairi wa pwani akialikwa harusini bara, aghalabu jambo la kwanza litakalomtatiza si chakula wala baridi ya usiku, bali ni nyimbo. Sisi tumelelewa na taarabu, na katika taarabu neno hutangulia mwili. Mtu huketi, husikiliza, na shairi linapomgusa ndipo anapoinuka na noti mkononi kwenda kutunza. Anayetunza pasina kuelewa beti huchekwa. Basi mtu huyo akifika Unyambwa, kata iliyo pembezoni mwa mji wa Singida, akakuta vikongwe vya Kinyaturu na wajukuu wao waliotoka Dar es Salaam wakicheza bega kwa bega wimbo ambao sehemu kubwa ya maneno yake hakuna hata mmoja wao anayeyafahamu, hapana shaka atajiuliza kama ile ni furaha au ni kelele tu. Swali hilo nalichukulia kwa uzito, kwa kuwa ndani yake lipo jambo la haki.

Wimbo wenyewe ni Maria Salome wa Saida Karoli, binti wa Bukoba, uliotoka mwaka 2001. Ameuimba kwa Kihaya, na ndani yake mna Kiswahili kidogo. Wasikilizaji wa nchi nzima walikidaka kipande hicho kidogo kama mtu anayedaka kamba mtoni, wakaufanya kuwa jina la wimbo, hata leo wengi huuita Chambua Kama Karanga. Miaka 15 baadaye, mwaka 2016, Diamond Platnumz akishirikiana na Rayvanny aliutoa upya kwa jina la Salome. Kiitikio alikiacha kijulikane, lakini beti akazijaza Kiswahili cha vijana wa mjini, zenye kumsifu mwanamke kwa umbo lake kwa uwazi ambao bibi hausikii bila kuinamisha macho. Hivyo nyimbo hizi ni mbili na ni moja. Bibi anamjua Salome wa kwanza kwa redio ya betri. Mjukuu anamjua wa pili kwa simu. Wakikutana kwenye kiitikio, kila mmoja anadhani kwamba mwenziwe amemfuata kwake.

Sasa tuiangalie sherehe yenyewe. Harusi za huko hupendelea miezi ya kiangazi, mavuno yakisha kuingia ghalani na alizeti ikisha kupata mnunuzi. Turubai hufungwa uani, viti vya plastiki hupangwa pande tatu, upande wa nne ni meza ya maharusi, na katikati huachwa mahali pa wazi. Mpiga muziki huketi pembeni na kompyuta yake na spika mbili, na jenereta huwekwa nyuma ya nyumba lisitie watu uziwi. Mshereheshaji ndiye mwenye usemi wote, lakini anayeamua nani ainuke na nani abaki kitini ni yule kijana wa kompyuta, naye mara nyingi ana umri wa miaka ishirini na kitu.

Kosa lake la kawaida ni la mpangilio. Chakula kikiisha huanza na Salome wa 2016, kwa kuwa ndiye anayempenda yeye. Watoto wa shangazi na wa mjomba hukimbilia katikati, na kabla ya beti ya pili kwisha hapana nafasi ya kutia mguu. Wazee hubaki vitini wakipiga makofi. Ukiwatazama juu juu utasema wamefurahi. Lakini bibi wa miaka 70 hawezi kujipenyeza kwenye kundi la vijana wanaoruka. Hata magoti yakikubali, heshima yake haikubali. Uwanja uliokwisha kujaa vijana ni mlango uliofungwa kwa wazee, na hata ukiwapigia wimbo wao baadaye hawataingia, maana kuingia kutakuwa ni kuomba kupishwa.

Mpiga muziki mwenye busara hufanya kinyume chake. Hungojea wakati wa zawadi, kwa sababu hapo ndipo wazee wana sababu ya kuinuka isiyokuwa kucheza. Mshereheshaji anapowaita akina bibi na shangazi wa upande mmoja, nao huja kwa mstari, mmoja na khanga, mwingine na ndoo au sufuria kichwani, ndipo huwapigia Maria Salome wa 2001. Ngoma ile na sauti ile ya kike inayoongoza huku wengine wakiitikia huafiki mwendo wa mtu aliyebeba kitu: hatua fupi, bega likitikisika kidogo, shingo imenyooka. Bibi hahesabu kwamba anacheza. Anahesabu kwamba anapeleka zawadi. Akisha kuikabidhi hujikuta tayari yuko katikati ya uwanja, mikono mitupu na wimbo haujaisha. Hapo wajukuu huunga mkia wa mstari kwa nyuma, na hawaingii kwa kuruka, kwa kuwa mstari una mwendo wake tayari. Mstari ukishakuwa duara ndipo kijana wa kompyuta huvuta kiitikio cha Diamond juu ya kile cha Saida. Vijana hupiga ukelele. Wazee hawatoki, kwa sababu uwanja ulikuwa wao kabla haujawa wa wengine.

Mpiga muziki mzuri hukirudiarudia kiitikio tu, beti za mjini huziacha. Wengine watasema huko ni kuukata wimbo wa mtu vipande. Mimi naona anafanya kazi ya mwenye nyumba, ambaye hasemi uongo kwa mgeni lakini pia hamwambii kila kitu mbele ya wakwe.

Hapa ndipo swali langu linapoingia. Bibi wa Kinyaturu hajui Kihaya. Lugha hizo mbili zote ni za Kibantu, lakini Mnyaturu akimsikiliza Mhaya haelewi zaidi ya yule wa Unguja. Mjukuu naye hajui Kihaya. Je, ni haki kuwaunganisha watu kwa maneno ambayo hayana maana kwa yeyote kati yao? Mshairi atasema hapana. Ataona huko ni kuwachezesha watu kama marashi yanavyomwagwa hewani, yanukie kote, yasimtue yeyote. Nami nilikuwa tayari kukubaliana naye, mpaka nilipofikiri nini kingetokea kama wimbo ungekuwa na mwenyewe.

Upigwe wimbo wa Kinyaturu. Bibi ataimba kila neno, na uso wake utang'aa kuliko usiku wote. Lakini mjukuu aliyezaliwa Dar es Salaam atasimama kando akichezesha midomo, na upande wa pili wa harusi, ikiwa ni watu wa Moshi au wa Tanga, utaketi kama wageni wa msiba. Upigwe wimbo mpya wa Kiswahili cha mjini, mjukuu atakuwa na maneno yote, na bibi atayaelewa vizuri mno, na hilo ndilo tatizo. Katika kila wimbo wenye mwenyewe yuko mtu anayesimama uwanjani na aibu. Katika Kihaya cha Saida Karoli, bibi na mjukuu ni wageni sawasawa. Hakuna anayemsahihisha mwenziwe. Usawa huo ni wa kutojua, nakubali, lakini ni usawa wa kweli, na sijui kama mezani kwenye chakula wamewahi kuupata.

Pwani tusijifanye hatulijui jambo hili. Taarabu ya mwanzo Unguja, ile iliyoletwa kutoka Misri zama za Sayyid Barghash, iliimbwa kwa Kiarabu, na hata baada ya Nadi Ikhwan Safaa kuundwa mwaka 1905 wapo waliotikisa kichwa kwa sauti tu wala si kwa maana. Kisha alikuja Siti binti Saad, akaiimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi. Tunamshukuru, na ni haki kumshukuru, kwani ametupa neno. Lakini neno lilipoeleweka lilianza pia kuchoma. Kuanzia hapo wimbo ulikuwa na mtu aliyekusudiwa, na harusini mwanamke mmoja aliweza kuinuka kutunza huku jirani yake akijua kwamba fumbo ni lake. Safari kutoka Kiarabu kwenda kwa Siti na safari kutoka kwa Saida kwenda kwa Diamond zafanana katika hilo: maana ikiingia, na mgawanyiko huingia nayo mlango ule ule.

Hata hivyo sikubaliani na wale wanaotaka usiku mzima uwe wa wimbo wa wote. Fikra kwamba kila mtu lazima awe uwanjani kwa pamoja ni ngeni Unyaturu kama ilivyo ngeni kwetu. Harold Schneider na Marguerite Jellicoe, waliofanya utafiti kati ya Wanyaturu katika karne iliyopita, wameandika juu ya imaa, ibada ya wanawake ambayo wanaume walikaa mbali nayo. Ngoma ilikuwa na wenyewe, na asiye mwenyewe hakuona ametengwa. Alijua yake ingekuja. Kwa hiyo bibi apewe robo saa yake ya Kinyaturu, aimbe na wenziwe, na wengine wakae waangalie. Kukaa si dhambi. Mshereheshaji anayepiga kelele kwamba hataki kumwona mtu kitini anamnyima bibi haki ya kutazamwa akiwa anajua anachoimba.

Hapo kwenye kutazamwa pana mtego mmoja. Ipo tofauti kati ya bibi kucheza pamoja na watu na bibi kuchezeshwa mbele ya watu. Njia ya kuitambua ni rahisi: tazama simu. Wajukuu wakiwa wameunda duara, simu zimeinuliwa, bibi yuko peke yake katikati na wanacheka, wimbo umeshindwa hata kama nyuso zote zina meno. Hapo amekuwa kichekesho cha kutumwa kwa walioko mbali. Simu zikiwa mifukoni na mikono ikiwa mabegani kwa mtu wa mbele, wimbo umefanya kazi yake. Mpiga muziki mwenye jicho, akiziona simu zinapanda, hubadili papo hapo na kuweka kwaito, ile ya kusimama kwa safu na kugeuka pande nne kwa pamoja. Safu haina katikati, na mtu hawezi kupiga picha huku akigeuka na wenziwe bila kukanyagwa.

Kwaito ikisha kugeuka mizunguko mitatu au minne, akina bibi huanza kutoka mmoja mmoja, si kwa kuchukia, bali kwa kuwa miguu ina hesabu yake. Hurudi vitini, hufunga khanga upya, huagiza maji. Ndipo kijana wa kompyuta anapokuwa huru kuwapigia vijana Salome wa 2016 mzima, na beti zake zote. Wakati huo mama mkubwa mmoja huwa amekwisha kuwaingiza wazee ndani kwa sababu ya baridi.