Kovu la Uji

Wiki mbili zilizopita binti wa kaka yangu alinitumia picha 31. Ana miaka 19, anataka kuwa mwanamitindo, na picha hizo alikuwa anataka kuzipeleka kwa wakala mmoja hapa Dar. "Shangazi, wewe umekaa magazetini miaka mingi unachagua picha," aliniandikia. "Niambie ukweli. Usinionee huruma."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyoninyima usingizi, maana nilikuwa nimeshamdanganya. Alipoziweka zile za kwanza nilimwandikia "Umependeza mno!" nikamalizia na maua matatu. Si kwamba hakupendeza. Alipendeza kweli. Ila mtu wa wakala hajiulizi kama binti kapendeza. Anajiuliza: huyu nikimwita kesho saa 3 asubuhi, atakayeingia mlangoni ni nani? Kwa anayeanza kazi hii, picha ni ahadi. Na ahadi haipimwi kwa uzuri wake.

Nikazipanga zote kwenye kompyuta kwa pamoja, ndogondogo kama stempu. Hiyo ni mbinu ya zamani ya meza ya picha. Picha ikiwa kubwa unatekwa na sura. Ikiwa ndogo unaona marudio. Na marudio yalikuwepo. Picha 22 zilikuwa pozi moja: bega la kushoto mbele, mkono kiunoni, kidevu juu, midomo imebanwa kidogo. Gauni lilibadilika, ufukwe ukawa ngazi za hoteli, wigi refu likawa fupi, lakini mwili ulikuwa uleule. Wanaoanza wengi huteleza hapo, wakidhani kubadili nguo ni kubadili picha. Wakala anatafuta vitu vingine: uso wa karibu bila mbwembwe, mwili mzima kwa mbele, ubavu, mgongo, mtu akitembea, mtu akicheka kweli.

Halafu nikaanza kuziba uso kwa kidole kwenye kila picha. Jaribu na wewe siku moja. Uso ukishaondoka, mwili uliobaki unasema chochote? Kwake mara nyingi ulisema, "nisubiri, napigwa picha." Viwiko vilikuwa vimebanwa kwenye mbavu, hivyo mkono ukaonekana mnene na kiuno kikapotea. Uzito ulikuwa sawa kwenye miguu yote miwili, kama askari wa zamu. Vidole vimekunjwa ngumi. Haya yanafundishika: acha mwanga upite kati ya mkono na mwili, egemea mguu mmoja, legeza vidole kama umeshika kitu chepesi. Nilimwandikia yote hayo bila shida.

Shida ilianza kwenye engo. Picha yake nzuri kuliko zote ilipigwa na rafiki yake aliyechuchumaa, simu ikiwa usawa wa magoti. Lenzi ya kawaida ya simu inaona eneo pana, na ukiisogeza karibu, kilicho jirani nayo kinakua na kilicho mbali kinapungua. Miguu ikarefuka, kichwa kikawa kidogo. Binti ana sentimita 168. Pale unampa 178 bila kusita. Hakuna filta iliyotumika, hakuna kilichofutwa. Je, huo ni uongo?

Mtu atasema kila fremu inaficha kitu, kwa hiyo tusijidai. Ni kweli. Lakini kuacha kitu nje ya fremu ni jambo moja, na kumfanya mtu aamini kisichokuwepo, tena kwenye jambo analolitegemea, ni jingine. Picha hiyohiyo ikiwa tangazo la manukato haimdanganyi mtu, maana hakuna anayenunua manukato ili ajue urefu wa msichana. Ikiwa ndiyo picha ya mwili mzima anayopewa wakala, inafanya kazi ya futi ya fundi cherehani, na futi iliyovutwa ni wizi. Picha ni ileile; kilichobadilika ni kazi iliyopewa. Nikamshauri arudie: simu usawa wa kiuno, mpigaji arudi nyuma hatua kadhaa, avute mara mbili. Picha ya chini abaki nayo, lakini isiwe ya kutambulisha mwili.

Kisha nikaona jambo nililopaswa kuliona mwanzo. Katika picha 31, upande wa kulia wa uso wake ulionekana mara mbili tu. Na mara zote mbili, taya lilikuwa laini kama sahani.

Binti huyu ana kovu chini ya taya la kulia, linashuka hadi shingoni. Lilitokana na uji wa moto, alipokuwa na miaka 3. Sufuria ilikuwa yangu. Jikoni kulikuwa kwangu.

Wahariri wa picha wana kanuni moja ninayoipenda: kitakachoondoka chenyewe ndani ya wiki mbili, kiondoe, kitakachobaki, kiache. Chunusi ni mgeni, kovu ni mwenyeji. Ufaransa, tangu Oktoba 2017, tangazo la biashara ambalo umbo la mwanamitindo limepunguzwa au kuongezwa kwa kuhariri lazima liandikwe kuwa picha imehaririwa. Sheria hiyo inahusu umbo, makovu haiyagusi. Nilimtajia kanuni ile.

Akajibu haraka, kana kwamba jibu alikuwa nalo siku nyingi. "Shangazi, wenzangu wote wanafuta. Nikiacha mimi peke yangu, nitaonekana nina kasoro kwa sababu tu nimesema kweli."

Hoja hiyo si ya kitoto. Pale wote wanaposimama juu ya matofali, aliyesimama chini anaonekana mfupi. Sikuwa na jibu la kumaliza. Nilimwambia tu kile ninachokijua: deni la picha hulipwa siku ya kazi. Mpaka rangi atalikuta kovu ambalo hakujiandaa nalo, mpiga picha atapanga upya taa, na mteja atauliza nini kingine kimefichwa. Yeye mwenyewe atafanya kazi miaka yote akigeuzia dunia shavu moja. Flaviana Matata alikwenda Miss Universe mwaka 2007 akiwa na kichwa kipara, na hakuna aliyeitwa kazini baadaye akadai kwamba hakuambiwa.

Nilichojizuia kusema ni kwamba na mimi ningependa lifutwe. Kila picha isiyo na kovu lile ilinipa nafuu ambayo sikustahili. Ndiyo maana ya yale maua matatu.

Kati ya zile 31 tulibakiza 6. Tuliondoa hata zilizopendeza, kwa sababu ngozi yake ilikuwa na rangi tatu: chungwa chini ya taa za ukumbi, kijivu kivulini, na nyeupe mno palipopita filta. Ukitaka kujua ipi ni kweli, tazama kitu cheupe ndani ya picha. Shuka likiwa la manjano, na ngozi inadanganya. Na picha dhaifu haisimami peke yake. Inamfanya mtazamaji arudi kuzishuku zile nzuri.

Jumapili asubuhi alikuja nyumbani. Ukuta mtupu wa barazani, kivuli cha saa 2, fulana nyeusi ya kubana, nywele zake mwenyewe zimefungwa nyuma, uso mkavu. Mbele, kushoto, mgongo. Kisha akageuka kulia bila kuambiwa, akanyoosha shingo.

"Linaonekana?" akauliza.

"Linaonekana."

"Basi piga, shangazi."

Mikono yangu ilitetemeka, ya kwanza ikatoka na ukungu. Tukarudia.