Barua ya Shilingi Hamsini

Katika biashara ndogo, barua ngumu kuliko zote haiendi benki wala TRA. Inaenda kwa mtu aliyekuungisha tangu ukiwa na jiko moja la mkaa, nayo inamwambia kwamba kuanzia tarehe fulani atakulipa zaidi kwa kitu kilekile. Wengi wetu barua hiyo hatuiandiki kabisa. Tunapunguza donge la unga, tunanyamaza, tunaomba Mungu mteja asigundue.

Jirani yangu hapa Dar es Salaam anapika chapati za jumla. Anakanda saa tisa usiku, na kabla ya saa moja asubuhi bodaboda imeshasambaza mzigo kwenye migahawa ya chai, kantini mbili za ofisi na magenge kadhaa. Alinijia na karatasi akitaka nimnyooshee Kiswahili. "Kaka, wewe unaandika gazetini, nisomee hii kabla sijaiaibisha familia." Kiswahili chake hakikuwa na tatizo. Barua ndiyo ilikuwa na tatizo. Ilianza na shukrani, ikapita kwenye hali ngumu ya maisha, ikafika kwenye vita vya Ukraine, ikaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza, na bei mpya ilikuwa imejificha mstari wa mwisho, karibu na namba ya simu.

Kabla ya kugusa maneno nilimwomba hesabu, kwa sababu mtu asiyejua hesabu yake huandika kwa woga, na woga huonekana. Alikuwa akiuza chapati moja Sh 400. Zamani unga, mafuta na gesi vilimla Sh 310 kwa chapati, akabaki na Sh 90. Kwa chapati 300 za kila siku, hiyo ni Sh 27,000. Humo anatoa Sh 12,000 za msichana anayemsaidia na bodaboda, na Sh 15,000 ndiyo riziki yake. Sasa vitu vilevile vinamla Sh 365. Kwenye kila chapati anabaki na Sh 35, na chapati zote 300 zinampa Sh 10,500, ambayo haitoshi hata kumlipa msichana na bodaboda. Alikuwa anaamka saa tisa usiku ili apate hasara ya Sh 1,500. Hakuiona kwa sababu fedha zilikuwa zinapita mkononi kila siku. Alichokiona ni kwamba kila Jumamosi, akienda kununua unga, lazima aongezee kidogo kutoka mfuko mwingine. Hiyo ndiyo dalili ya kula mtaji, na inakuja taratibu.

Akiuza Sh 450, anabaki na Sh 85 kwa kila chapati. Hapo ndipo nilipomwonyesha jambo lililomtoa woga: hata wateja wakipunguza nusu, wakachukua 150 tu, atapata Sh 12,750. Atawalipa wote na kubaki na chenji. Yaani akiwa na nusu ya wateja kwa bei mpya yuko salama kuliko akiwa nao wote kwa bei ya zamani. Hesabu hii haimruhusu mtu kudharau wateja wake. Inamruhusu kuandika akiwa ametulia.

Lakini kuna hesabu ya pili, nayo ndiyo barua nyingi huisahau: hesabu ya mteja. Mwenye mgahawa ananunua chapati kwa Sh 400 na kuiuza Sh 500. Mlaji anatoa sarafu moja ile ya Sh 500, iliyoingia kwenye mzunguko mwaka 2014, na habari imekwisha. Ukimpandishia mwenye mgahawa Sh 50, faida yake kwa chapati inakatika katikati, kutoka Sh 100 hadi Sh 50. Akitaka kuirudisha, lazima auze Sh 550 au Sh 600, na hapo mlaji ataanza kutafuta sarafu za nyongeza na kuhoji. Tuliyaona haya Desemba 2023, nauli ya daladala ya safari za hadi kilomita 10 ilipotoka Sh 500 hadi Sh 600. Sh 100 ile iliuma, na chenji nayo ikawa kelele ya kila kituo. Kwa hiyo Sh 50 ya jirani yangu si ndogo kwa anayeipokea. Mwenye mgahawa anahitaji muda: abadilishe ubao wa bei, awaambie walaji wake, aamue kama atauza chapati na chai kwa bei moja ya pamoja.

Muda huo ndio heshima yenyewe. Tulikubaliana wiki tatu. Ewura hutangaza bei za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi na zinaanza siku hiyohiyo, lakini Ewura haina wasiwasi kwamba dereva atahamia kwa Ewura nyingine. Muuza chapati ana wenzake mtaa wa pili. Wateja wapya tuliamua waanze na bei mpya mara moja, na wa zamani wabaki na ya zamani hadi siku iliyotajwa. Hiyo ni shukrani yenye mwisho unaojulikana. Alikuwa na wazo la kumwachia bei ya zamani milele mama mmoja mwenye mgahawa aliyemkopesha mfuko wa kwanza wa unga. Nilimkatalia. Watu wa chai wanakutana sokoni kila alfajiri, na siku mmoja akijua mwenzake analipa Sh 400, barua yote itageuka uongo. Deni la hisani lilipwe kwa njia nyingine, na mama huyo anajua thamani yake bila kupunguziwa bei.

Na lile la kupunguza donge? Aliwahi kushauriwa hivyo, tena na mtu mzima: bei iache, chapati iwe nyembamba. Mwenye mgahawa hana mizani ya chapati, ila ana walaji, na mlaji aliyezoea kushiba kwa mbili akianza kutafuta ya tatu atajua. Atakayelaumiwa ni mwenye mgahawa. Sitaki kuhubiri, lakini Sura ya 83 ya Kurani imepewa jina la wapunjaji wa vipimo, na jirani yangu, anayeisoma kuliko mimi, hakuhitaji nimkumbushe. Kupandisha bei mbele ya mtu ni ugomvi wa siku moja. Kumpunja kimyakimya kunabaki kwenye jina lako.

Sababu nayo tuliikata. Ni kweli kwamba ngano nyingi tunayokula inatoka nje, na kweli vita vya 2022 vilitikisa bei ya unga. Lakini mteja anayesoma barua akiwa na sufuria ya chai mkononi hana la kufanya na Ukraine. Sababu nzuri ni ile anayoweza kwenda kuihakiki mwenyewe duka la pembeni: unga na mafuta ya kula. Ina gharama yake, na nilimwambia: ukitaja unga leo, siku unga ukishuka mteja atakuuliza, na atakuwa na haki. Alitaka kuahidi bei isiguswe mwaka mzima. Tukaishia miezi sita, maana bei ya unga haipangi yeye.

Mwisho barua ikawa hivi:

"Ndugu mteja wangu, habari za kazi. Kuanzia Jumatatu, tarehe 1 ya mwezi ujao, chapati itakuwa Sh 450 badala ya Sh 400. Unga na mafuta ya kula vimepanda, na bei ya Sh 400 hainirudishii tena gharama. Ukubwa wa chapati ni uleule, na mzigo utafika kabla ya saa moja asubuhi kama kawaida. Hadi siku hiyo utaendelea kulipa Sh 400, na chapati zote za mali kauli ulizochukua kabla yake utazilipa kwa Sh 400. Bei mpya sitaigusa kwa miezi sita. Ukitaka kubadilisha idadi unayochukua, niambie kabla ya Ijumaa inayotangulia siku hiyo ili nisikuletee zisizouzika. Umeniungisha tangu naanza, na nitapita kwako wiki hii tuzungumze."

Hakuna "kwa masikitiko makubwa" humo, wala radhi ya usumbufu. Anayeomba radhi sana kwa bei yake anamfundisha mteja kwamba bei hiyo ni kosa, na kosa husahihishwa. Mstari wa mali kauli niliusisitiza mimi. Ugomvi mwingi wa bei mpya hauanzii kwenye bei yenyewe. Unaanzia kwenye daftari: chapati zilizochukuliwa Jumamosi na kulipwa Jumanne zinahesabiwa kwa bei ipi? Lisipoandikwa, kila upande utakuwa na jibu lake.

Barua pia haikutangulia miguu. Zile kantini mbili na yule mama wa mfuko wa unga walisikia kwa mdomo wake kwanza, wamekaa, na karatasi ikafuata siku ya pili. Magenge walipata karatasi ikiwa imeambatana na mzigo, kisha akawapitia mmojammoja. Mmoja alimwambia, "Dada, ungeniletea ghafla ningekufukuza. Sasa acha nione na mimi naenda vipi." Huyo alipunguza oda. Kantini moja ilihamia kwa mwingine na hadi naandika haijarudi. Yule mama alicheka, akasema alikuwa akishangaa chapati ya Sh 400 inawezekanaje.

Niongeze jambo dogo la wakati. Alitaka kuanza bei mpya ndani ya Ramadhani kwa kuwa mauzo ya asubuhi huwa yamelala, hivyo angepoteza kidogo. Kihesabu alikuwa sahihi. Lakini huo ni mwezi ambao kila mtu analalamikia wafanyabiashara kupandisha vyakula, na barua ya haki ingewekwa kapu moja na za wanaovizia. Alisubiri Idd ipite.

Sasa oda zake ni chapati zisizofikia 300, na Jumamosi ananunua unga bila kuchota mfuko wa pili. Wewe unayepokea barua kama hii, usikae nayo wiki nzima ukipima hasira. Mjibu mapema unataka ngapi, hata kama jibu ni kwamba hutaki tena, kwa sababu ifikapo saa tisa usiku unga wako unakuwa umeshakandwa.