Adabu ya Kukhitilafiana Barazani juu ya Mwezi

Hakuna liharibulo baraza upesi kama khabari ya mwezi. Mmoja amefunga kwa khabari ya mbali, wa pili amengoja mwezi wa mji wake, na kahawa haijapoa watu wamekwisha nuniana.

Imam Muslim amepokea kisa cha Kurayb, aliyeachwa huru na Ibn Abbas. Ummul-Fadhli alimtuma Sham kwa Muawiya, na mwezi wa Ramadhani ukamwandamia huko usiku wa kuamkia Ijumaa. Aliporudi Madina mwisho wa mwezi, Ibn Abbas alimwuliza khabari zake kwanza, ndipo akamwuliza waliuona lini mwezi. Akajibu kuwa usiku wa Ijumaa. Ibn Abbas hakukataa, bali alimwuliza kama aliuona kwa macho yake. Akasema naam, na watu waliuona wakafunga, na Muawiya akafunga. Ndipo Ibn Abbas akamweleza kuwa wao waliuona usiku wa Jumamosi, basi watafunga hatta watimize thelathini au wauone. Kurayb akauliza kama kuona kwa Muawiya hakutoshi. Akajibu la, ndivyo Mtume alivyowaamrisha.

Na atazame mwenye akili yale asiyoyasema. Katika mwaka wa 37 wa Hijra Ibn Abbas alikuwa Siffin upande wa Sayyidna Ali, na Muawiya upande wa pili. Jina hilo lilipotajwa mlango wa ugomvi wa utawala ulikuwa wazi, naye hakuuingia. Hakusema funga ya Sham ni batili, wala hakumwita Kurayb mwongo. Alitaja hukumu yake na dalili moja, akanyamaza. Naye Kurayb, aliyekuwa chini yake kwa daraja, aliuliza bila ya woga, na riwaya haisemi kuwa alikariri.

Tena mas'ala yenyewe ina wasaa. Imam Nawawi ametazama matlai, Imam Rafii amepima kwa masafa ya kupunguza sala, nao wote wawili ni Mashafii. Na kwa Mahanafi kauli mashuhuri ni kuwa mwezi wa mji mmoja huwalazimu wote. Asemaye kuwa hapa hapana maneno mawili hajayasoma ya madhehebu yake.

Basi akija mtu barazani usiku wa thelathini akasema kesho ni Idi, aulizwe nani aliuona na wapi. Asiyekubali aseme kuwa yeye atatimiza thelathini, na akiulizwa sababu aitaje mara moja. Dalili ya kuharibika ni maneno kuuacha mwezi yakamshika mtu, akaanza mmoja kusema "ninyi watu wa upande ule". Hapo mwenye baraza na aulize khabari nyingine. Na aliyeuona peke yake, mafakihi wa Kishafii wamesema afungue kwa siri, asile mbele ya wafungao.