Alijua, Akala

Katika nyumba ya Kalias, tajiri wa Athene aliyependa kuwakaribisha walimu wa hekima, Sokrates anamuuliza Protagoras swali linaloonekana jepesi. Je, maarifa yanamtawala mtu, au ni kama mtumwa anayeburutwa huku na huku na hasira, raha, maumivu, mapenzi na hofu? Watu wengi, anasema, wanashikilia hilo la pili. Wanaamini kwamba mtu anaweza kulijua lililo bora, akawa na uwezo wa kulitenda, kisha akatenda jingine kwa sababu amezidiwa na raha. Sokrates anakataa kwamba jambo hilo limewahi kumtokea mtu yeyote. Hasemi ni nadra. Anasema halipo.

Ni rahisi kumcheka. Lakini mwanafalsafa huyu hakuishi pangoni. Alipigana vitani, alikaa karamuni mpaka alfajiri, na aliwajua wanadamu na vituko vyao. Anachokikana si tabia tunayoiona kila siku, bali maelezo tunayoyatoa juu yake. Sisi husema shetani alimpitia, tukadhani tumeeleza. Yeye anauliza: mmeeleza nini hasa?

Tuchukue mzee mmoja wa kubuni mwenye kisukari, aliyealikwa harusini. Sinia la halua linawekwa mbele yake pamoja na kahawa. Daktari amekwisha kumwonya, naye mwenyewe amekubali kwa moyo mkunjufu kwamba halua si chakula chake tena. Anachukua kipande, halafu cha pili. Akiulizwa, anajibu kwamba alijua ni vibaya, ila utamu ulimshinda.

Hapa ndipo Sokrates anapobana. Kwa nini unauita utamu huo kitu kibaya? Si kwa sababu ni utamu. Unauita hivyo kwa sababu baadaye unaleta maumivu makubwa zaidi, au unakunyima raha nyingine kubwa zaidi. Watu wengi, kama Sokrates anavyowasemea, wanakubali: jema ni raha tu, na baya ni maumivu tu, yote yakihesabiwa mpaka mwisho. Vema, anasema, basi tubadilishe maneno. Badala ya kusema mzee alizidiwa na raha, tuseme alizidiwa na jema. Sentensi inageuka kichekesho: alitenda baya, akijua ni baya, kwa sababu alizidiwa na jema. Je, jema hilo lilistahili gharama yake? Kama lilistahili, mzee hakukosea. Kama halikustahili, basi alikubali baya kubwa ili apate jema dogo. Ni nani anayeweza kufanya hivyo huku akiyaona yote mawili kwa ukubwa wake halisi? Weka mezani shilingi elfu kumi na shilingi elfu mbili, umwambie mtu achague. Hakuna atakayechukua elfu mbili na kudai alizidiwa na elfu mbili.

Kwa hiyo, kwa Sokrates, mzee amekosea vipimo. Kitu kilicho karibu huonekana kikubwa kuliko kilivyo, na kilicho mbali huonekana kidogo. Halua iko mkononi, kidonda cha mguu kiko miaka kadhaa mbele. Dawa yake ni ufundi wa kupima, utakaorudisha kila raha na kila maumivu kwenye ukubwa wake wa kweli. Aliyeshindwa ni mjinga wa hesabu hiyo, hata kama anajiona mjuzi.

Nakiri kwamba hoja hii ina nguvu kuliko inavyopewa sifa. Makosa yetu mengi yamo humo. Anayekopa kwa riba kubwa ili anunue simu mpya mara nyingi hapigani na moyo wake. Kwa saa ile deni linaonekana dogo kweli. Lakini nguvu yote ya hoja imeegemea sharti moja lililopita kimyakimya: kwamba vitu vyote vyema ni vya aina moja, kama noti za sarafu moja. Ni kweli kwamba atakayechukua elfu mbili na kuiacha elfu kumi hajapoteza chochote kilichomo katika elfu mbili ambacho hakimo katika elfu kumi. Mzee anayeacha halua anapoteza kitu. Miguu yenye afya haina ladha ya iliki.

Plato mwenyewe, ambaye ndiye aliyeandika mazungumzo hayo, hakubaki hapo. Katika kitabu cha 4 cha Jamhuri anasimulia habari za Leontios, aliyekuwa akipanda kutoka bandari ya Pirea akaona maiti zimelala karibu na mnyongaji. Alitamani kuzitazama, na papo hapo alijichukia kwa tamaa hiyo. Alipigana nayo kwa muda, amefunika uso. Mwishowe akazikimbilia huku amekodoa macho, akiyatukana macho yake na kuyaambia yashibe. Kwa kisa hicho Plato anataka kuonyesha kwamba nafsi ina sehemu zaidi ya moja, na kwamba sehemu zinaweza kupigana. Mahali ambapo Sokrates wa awali aliona hesabu mbovu, sasa kuna ugomvi.

Aristoteli alijaribu kuwasuluhisha. Alikiri kwamba kauli ya Sokrates inapingana waziwazi na yanayoonekana, kisha, ajabu, akairudia kwa mlango wa nyuma. Katika kitabu cha 7 cha Maadili anasema mtu aliyezidiwa ana maarifa kama aliyelala au mlevi alivyo nayo. Anaweza kutamka maneno sahihi, lakini hata mlevi anaweza kukariri beti za Empedokles. Maarifa yamo, ila hayafanyi kazi saa ile.

Hapa naona tunaweza kupima badala ya kubishana tu. Mlevi anayekariri ukimuuliza maana ya ubeti, au umtake autumie kwa jambo jipya, amekwama. Sasa mkatize mzee wetu akiwa katikati ya kutafuna. Muulize itakuwaje usiku. Atakwambia ataamka mara kwa mara kwa kiu na haja ndogo, na kwamba asubuhi kipimo kitasoma juu. Muulize kama kipande cha tatu kitazidisha madhara. Atasema ndiyo, na kwa nini. Tena alijigeuza kidogo ili bintiye asimwone. Aliyelala hajifichi. Maarifa yake yanafanya kazi zote za maarifa, isipokuwa moja: kuuzuia mkono.

Wastoa walikuwa na jibu lao. Kwao nafsi ni moja na tamaa yenyewe ni hukumu ya akili. Plutarkos anaeleza kwamba walikiona kinachoitwa ugomvi wa ndani kuwa ni akili moja inayoyumba upande huu na upande ule, kwa kasi tusiyoweza kuigundua. Leontios, kwa mtazamo huo, alikuwa akibadili uamuzi wake tena na tena. Jibu hili linafaa kwa aliyefunika uso kisha akaufunua. Kwa anayekula na kuhesabu madhara kwa pumzi ileile ni gumu zaidi, maana huyo hayumbi. Mkono wake unakwenda siniani bila kusita na maelezo yake yamenyooka, na ili kuiokoa nafsi moja, Mstoa analazimika kudai kuwapo kwa mayumbo ambayo mzee hayahisi na mtazamaji hayaoni.